Jino la Dorcas Halikuzaliwa Jeusi

Mimi si mtu wa kungoja. Mama alikuwa akisema nilizaliwa mkunga hajavua viatu, na tangu siku hiyo sijatulia. Sasa chukua mtu wa namna hiyo, mpe kabine ya meno, chumba chake cha kutibia, hapa Bunia ambako umeme unakuja ukitaka na kuondoka bila kuaga, kisha mletee Mbusa asubuhi yenye foleni. Utaona kitakachotokea.

Mbusa ni mfanyabiashara. Anapakia mchele na saruji kwenye malori ya kwenda Nia-Nia, na sauti yake inafika mahali kabla yake. Tena ana tabia moja: akisema anaweka kiganja mbele ya mdomo, utadhani anazuia mate. Siku ile alimleta dada yake Dorcas, yule anayeuza vitenge soko kuu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzuri wa sura na mchache wa maneno. Jino lake la mbele, juu, lilikuwa jeusi-jeusi, na ufizi juu yake ulikuwa na kipele kinachotoa usaha. Alitaka litibiwe, lising'olewe. Mwanamke anayeuza vitenge anasimama mbele ya watu kutwa nzima, na uso wake ndio unaowaita wateja.

Jino la mbele likiwa jeusi peke yake katikati ya wenzake weupe, mara nyingi lilipigwa. Hilo nalijua tangu shule. Nikamuuliza Dorcas kama aliwahi kuanguka, au kugongwa, utotoni. Lakini siye hapa mgonjwa akija na mkubwa wake, hajibu mgonjwa, anajibu mkubwa. Ni heshima. Mbusa ndiye aliyemlea Dorcas wazazi wao walipofariki kule Boga, kwa hiyo kinywa cha Dorcas kilikuwa chake.

"Haikupigwa hata siku moja, Dokta," alisema nyuma ya kiganja chake. "Alizaliwa nayo vile."

Dorcas aliangalia dari. Na mimi, badala ya kuuliza mara ya pili, nikachukua sindano ya ganzi, maana Mbusa alikuwa ameshaangalia saa yake na lori lilikuwa likimngoja.

Picha ya eksirei ya jino sikupiga. Umeme haukuwepo, na jenereta ilikuwa kwa fundi; mashine ya kutobolea tu ndiyo ina betri yake. Ningeweza kumwambia arudi kesho. Nikaona aibu kumrudisha mteja, na nikajiambia kwamba meno ya mbele ya juu nimeyafanya mengi, urefu wake naujua kwa kichwa. Grâce, anayenisaidia kazini, alinitazama juu ya barakoa yake. Nikamwambia asinitazame hivyo.

Kusafisha jino lililokufa ni kazi ya subira. Unatoboa nyuma ya jino, unaingia kwenye njia nyembamba inayoshuka ndani ya mzizi, unaikwangua kwa vijichuma vyembamba, kisha unaosha. Unaosha kwa javel. Ndiyo, javel hiyo hiyo mnayoijua, maji makali ya kung'arishia nguo nyeupe na kusafishia vyoo, ila isiyo na manukato, na iliyopunguzwa kwa maji safi. Inaua wadudu na kuyeyusha nyama iliyooza mle ndani, na hakuna dawa nyingine inayoifanya kazi hiyo vizuri kama yenyewe. Shida yake ni kwamba haichagui. Nyama iliyokufa inaila, na iliyo hai inaila vilevile. Kwa hiyo sheria ni moja: isitoke nje ya jino. Ndiyo maana nilimfunika Dorcas mdomo kwa kitambaa cha mpira, jino moja tu likachungulia. Ndiyo maana sindano ya kuoshea huvishwa kipete kidogo cha mpira kinachokuonyesha mahali pa kusimama, nyuma kidogo ya ncha ya mzizi. Unasukuma polepole kwa kidole cha shahada, huku unaipandisha na kuishusha sindano, isibane popote.

Nilifanya hayo yote. Kipete nilikiweka. Niliosha polepole. Lakini kipete nilikiweka kwa urefu wa jino la watu wengine.

Na dalili zilikuwepo, Mungu wangu. Kijichuma cha kwanza kiliingia bila kugusa ukuta wowote, kikashuka kama ufunguo kwenye kitasa kibovu. Njia ya mtu mzima haiwi pana hivyo. Juu ya hayo, sindano zangu nzuri, zile zenye tundu ubavuni na ncha iliyozibwa, zilikuwa zimekwisha, na mzigo kutoka Kampala ulikuwa umekwama njiani. Nilitumia ya kawaida, iliyo wazi mbele. Ile ya ubavuni inamwaga pembeni, kwenye kuta. Hii ya kawaida inapiga mbele moja kwa moja.

Nikasukuma kidogo tu. Dorcas akapiga ukelele.

Mtu aliyechomwa ganzi halii vile. Alishika mkono wangu na kuubana, na machozi yakamtoka jicho la upande ule. Nilipotazama jino, damu ilikuwa inapanda kutoka ndani kama maji ya kisima. Kisha mdomo wake wa juu ukaanza kuvimba, nikiutazama kwa macho yangu, halafu pembeni ya pua, halafu shavu, hadi chini ya jicho. Haikufika hata muda wa kupika chai.

Nilijua mara moja. Maumivu ya ghafla katikati ya kuosha, damu ndani ya jino, uvimbe unaokua ukiuona: hakuna ugonjwa mwingine unaokuja hivyo. Javel ilikuwa imetoka nje ya mzizi na ilikuwa inachoma nyama ya uso wake.

Nilitoa sindano, nikatoa mpira. Nilimwambia Dorcas avute pumzi, niko naye, simwachi. Nikamwangalia kama anapumua vizuri, kama anameza, kama jicho linaona. Yote yalikuwa sawa. Nikaiacha damu itoke, maana ikitoka inatoka na javel, nikaosha taratibu kwa maji ya serumu, yale ya chumvi ya hospitali, bila kusukuma, nikamwongezea ganzi ili maumivu yapungue. Jino sikulifunga, lipate kutoa uchafu. Grâce alikuwa ameshaleta barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Mikono yetu ilifanya kazi vizuri. Mdomo wangu ndio uliofanya vibaya.

Maana Mbusa, aliyekuwa ametoka kuliangalia lori lake, aliingia akitweta, akauliza ni nini kimempata dada yake, na mimi nikasema ni dawa. Dawa ya kusafisha imegusa nyama, nikasema, itapungua. Nilimpa vidonge vya maumivu na vya kuzuia wadudu, nikamwambia amwekee barafu leo kutwa, kesho asubuhi amrudishe nimwone. Neno javel sikulitamka. Hapa kwetu javel ni choo, ni ndoo za kunawia wakati wa Ebola. Ukimwambia mtu wa Bunia umemtia dada yake javel kichwani, utafunga kabine jioni hiyo hiyo. Niliogopa, hilo ndilo jina lake, na hofu hiyo nikaiita busara.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilifika kazini kabla ya Grâce, nikafagia mahali palipokwisha fagiwa. Wagonjwa walikuja, mwanafunzi mmoja na mzee aliyeoza jino la nyuma, na kila mlango ulipolia nilinyoosha shingo. Dorcas hakuja. Nikapiga simu yake, imezimwa. Ya Mbusa ikaita mpaka ikachoka. Nikamkaripia Grâce kwa sababu ya pamba, yeye akanijibu kwa upole kwamba pamba haina kosa, ila kama nina wasiwasi niende. Basi nikavua glavu, nikatoka na koti langu jeupe, nikaita pikipiki.

Kwao ni Mudzi-Pela. Vumbi lilikuwa jingi, na barabarani askari walikuwa wamesimamisha magari, tukazungukia vichochoroni. Nilimkuta shangazi yao uani akimimina maji ya moto kwenye beseni. Alinisalimu kwa baridi. Akasema barafu wameitupa, barafu inagandisha damu, yeye amemkanda mtoto kwa kitambaa cha moto na chumvi usiku kucha, na kumkandamiza vizuri. Asubuhi jicho lilikuwa limefunga kabisa. Kwa hiyo Mbusa amempeleka kliniki kule Nyakasanza ili wapasue hilo jipu.

Kukanda ni dawa yetu ya kila kitu, nami sina ugomvi nayo. Kesho yake, joto la kiasi lingemsaidia kweli, lingeiondoa damu iliyovilia. Lakini siku ya kwanza mishipa imechomeka na inavuja, na joto linaifungua zaidi. Nani alimwambia shangazi hayo? Hakuna. Aliambiwa ni dawa imegusa nyama. Nikamrudia yule wa pikipiki mbio.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Jipu lina usaha, unalipasua, usaha unatoka, mgonjwa anapona. Uvimbe wa Dorcas haukuwa na usaha. Ulikuwa na damu na nyama iliyoungua, na ukipasua nyama iliyoungua unaifungulia mlango wadudu. Na chini ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye mdomo wa juu. Kisu kikipita pale, Dorcas atabaki na kovu na mdomo uliolala, sokoni, mbele ya watu, maisha yake yote. Kwa sababu mimi nilisema dawa.

Kliniki ni ndogo, korido moja na vyumba vichache. Nilimwona Mbusa amesimama mlangoni pa chumba cha mwisho na madereva wake wawili. Ndani Dorcas alikuwa amelazwa, uso nusu umekuwa wa mtu mwingine, zambarau kutoka kope mpaka kona ya mdomo. Daktari Serge alikuwa ameshapaka dawa ya kahawia shavuni. Serge namfahamu, ni mtu mwema, amezoea matumbo na uzazi. Aliambiwa jino liliuma, likatibiwa, likavimba. Mtu yeyote angesema jipu. Kisu kilikuwa mkononi.

"Serge, weka kisu chini," nikasema. "Si jipu. Ni javel."

Serge hakuweka kisu, ila alisimamisha mkono na kuniuliza nina hakika gani. Nikamwambia apime joto. Hana homa. Nikamwuliza kama amewahi kuona jipu linaloota mtu akiwa kwenye kiti, kwa dakika, huku jino linatoa damu. Nikamwonyesha zambarau ilivyoshuka kufuata shavu, mahali ambapo hata jino halipo. Ile ni damu iliyovilia chini ya ngozi. Nikamweleza tangu mwanzo, mbele ya wote, sindano ipi nilitumia, na kwamba nilipima bila picha, na kwamba javel ilipita ncha ya mzizi. Serge akasikiliza, akabonyeza shavu kwa vidole viwili taratibu, kisha akaweka kisu kwenye sahani.

Hapo Mbusa akanishika ukosi wa koti.

"Ulimutia javel mu kichwa?" Kiganja kilikuwa kimetoka mdomoni, mara ya kwanza namwona. "Weye unasemaka ni dawa! Jino ni mufupa. Javel itapita wapi mu mufupa?"

Madereva walisogea. Korido ilikuwa imejaa watu, na nilisikia neno javel likitembea kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine mpaka nje. Niliogopa kupigwa, sitasema uongo. Lakini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu, na nusu yake nilikuwa nimejikasirikia mwenyewe.

Nikamjibu. Nilisema kila mzizi una tundu mwishoni, dogo sana, mahali mshipa unapoingilia. Jino la mtoto likichomoza, lile la pili linaloota baada ya la utoto kung'oka, mzizi wake unakuwa bado mfupi na mwisho wake uko wazi, halafu miaka inavyokwenda unarefuka na kujifunga. Lakini jino likipigwa katika umri huo likafa, linasimama hapo hapo. Mtoto anakua, mzizi haukui. Unabaki mfupi na wazi kama bomba lisilo na koki. Mimi nilipima urefu wa mtu mzima, na jino la Dorcas lilikuwa jino la mtoto. Sindano ilikuwa imeshatoka nje kabla sijaanza kusukuma.

"Ndiyo maana nilikuuliza," nikasema. "Na sasa nauliza yeye. Dorcas, hii jino ilipigwa?"

Dorcas aligeuza kichwa kitandani. Jicho moja tu lilikuwa linafunguka, na lilimtazama kaka yake, ambaye humwita yaya.

"Yaya, muachilie," alisema kwa mdomo ule mzito. "Sema weye. Ama niseme miye?"

Mkono wa Mbusa ulibaki kwenye ukosi wangu kidogo, bila nguvu. Kisha ukashuka. Akawaambia madereva wake watoke, wakatoka. Akakaa kwenye kiti cha plastiki ambacho hakikumtosha.

"Niliipiga na mupini ya jembe," alisema. "Aliachia mbuzi, zikakula maharagi yote. Alikuwa na miaka munane, miye kumi na mbili. Tuliambia mama alianguka ku kisima."

Dorcas ndiye aliyenyoosha mkono akamshika kidole. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, na pale tulikuwa wafichaji watatu: Mbusa, Dorcas, na mimi niliyejua zaidi yao.

Nilimwambia hivyo. "Kosa yako ni ya mutoto," nikasema. "Yangu ni ya mutu mukubwa. Hata ungenidanganya mara kumi, picha ingesema kweli. Mimi sikuingoja."

Serge akaandaa vidonge vingine, akaongeza vya kupunguza uvimbe, tukakubaliana tumwone Dorcas kila siku mimi na yeye. Na kwa kuwa siku ya barafu ilikuwa imepita, nikaomba maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kitambaa laini, na nikamwonyesha Mbusa namna ya kukiweka shavuni bila kukandamiza. Mtu wa kunyanyua mifuko ya saruji! Alikishika kama yai.

Zambarau ikageuka kijani, kijani ikawa njano, na uso wa Dorcas ukarudi. Mahali padogo kwenye mdomo wa juu palibaki na ganzi kwa muda mrefu, chai ilikuwa inamchuruzika hajui, wateja wakimcheka na yeye akicheka nao. Pamerudi polepole. Habari ya javel ilinifukuzia wagonjwa, siwezi kukataa. Waliobaki wananiuliza mbele ya kiti nitawatia nini, na mimi nawajibu.

Jino nimelimaliza. Nilipiga picha kwanza, na mzizi ulikuwa vile vile nilivyosema, mfupi, mwisho wake wazi kabisa. Niliziba huo mwisho kwa dawa inayoganda kama saruji. Sindano zenye tundu ubavuni zilikuja, na zikiisha tena sioshi jino mpaka nyingine zifike. Jenereta isipowaka, mgonjwa anarudi kwao. Na nimeweka sheria ambayo imenikosanisha na nusu ya mtaa: ndugu wote wanakaa nje. Mgonjwa anajibu mwenyewe, hata kama shangazi yake ananuna uani.

Juzi sauti ya Mbusa ilifika tena kabla yake. Safari hii jino lilikuwa lake, la chini mbele. Dorcas alikuja naye na akakaa karibu na kiti, tayari kumjibia, na alikuwa na kila haki. Nikamtoa nje yeye pia. Alicheka, akatoka.

Mbusa akalala kitini na kiganja mdomoni. Nikamwomba akiondoe. Jino lilikuwa jeusi-jeusi, peke yake katikati ya wenzake.

"Hii jino ilipigwa?" nikauliza.

Nilingoja. Mimi, nikangoja, mikono magotini, mpaka Grâce akaacha kupanga vyombo.

"Ni baba aliipiga," alisema mwishowe. "Na mupini ile ile."

Nikamwambia Grâce awashe jenereta tupige picha.